Msikiti Mkuu wa Kilwa bila umati: shajara ya kuunganisha fremu kwa mediani

Mwalimu wa historia wa sekondari moja mjini Lindi ameniomba picha kubwa ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ya kubandika ukutani darasani. Anataka mwanafunzi aweze kuusogelea ukuta na kuusoma jiwe kwa jiwe: pale palipo ukumbi wa kaskazini ulioanza karne ya 11, na pale ilipoanzia nyongeza ya kuba ya karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Magofu haya yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981, kwa hiyo asubuhi za kiangazi, boti za kutoka Kilwa Masoko zikishashusha watu, mbele ya ukuta huo hapakosi umati.

Njia inayotumiwa na wengi ni kumfunika mtu kwa kipande cha ukuta kilichonakiliwa kutoka pembeni. Kwa picha ya harusi haina neno. Kwa gofu siikubali. Ukuta huu una sehemu za kale na sehemu zilizozibwa wakati wa ukarabati, na ukinakili jiwe la ukarabati ukalibandika juu ya la kale, umemfundisha mtoto uongo. Sharti langu katika mradi huu ni moja: kila jiwe litakaloonekana kwenye picha liwe limeonwa na kamera, pahali pake hasa. Shajara hii ni ya yeyote anayetaka kufuata njia hiyo hiyo.

6 Julai 2024. Njia, na sababu ya kuichagua

Kamera inasimama pahali pamoja bila kutikisika na kupiga fremu kadhaa kwa kuachanisha muda. Kompyuta inachukua nukta moja ya picha, tuseme kona ya jiwe fulani, inasoma mwangaza wake katika fremu zote, inazipanga thamani hizo kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha inachukua ile ya katikati. Hiyo ndiyo mediani. Fremu zikiwa 21, inachukua thamani ya 11. Jiwe halihami, kwa hiyo thamani zake zinakaribiana na kujazana katikati ya safu. Mtu aliyepita pale katika fremu mbili tatu anasukumwa mwishoni mwa safu na hachaguliwi. Hesabu hiyo inarudiwa kwa kila pikseli, na kwa nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake.

Wastani wa kawaida haufai, maana wastani haumtupi mtu. Unamgawa tu kwa idadi ya fremu, na kila mpita njia anabaki kama ukungu. Idadi ya fremu naiweka witiri kwa sababu ya lile sharti langu: zikiwa shufwa, kompyuta inachukua thamani mbili za kati, inazijumlisha na kuzigawa kwa mbili, na jibu linaweza kuwa namba ambayo kamera haikuisoma.

Rafiki yangu mpiga picha alinishauri nitumie kichujio cheusi kinachopunguza mwanga mara 1,000 na kuacha eksposha ndefu iwafute watu yenyewe. Nimeikokotoa. Kwenye ukuta huu nikiwa na f/8 na ISO 100 shata inakuja 1/250. Ukizidisha mara 1,000 unapata sekunde 4. Mtalii anayesikiliza maelezo haondoki mlangoni ndani ya sekunde 4. Na hata ukiifikisha sekunde 30 kwa kufunga tundu la lenzi zaidi, upepo wa kusi utakuwa unaitikisa stendi muda wote huo. Nimeliacha wazo hilo.

Maandalizi kwa ufupi: kamera ya megapikseli 24, lenzi ya milimita 35, faili ghafi, na kila kitu kimewekwa kwa mkono, yaani tundu, shata, ISO, mizani ya weupe na fokasi. Kiimarisha mtikisiko kimezimwa, maana juu ya stendi huwa kinasogeza picha chenyewe. Chini ya miguu ya stendi nimeweka vibao vitatu vya mbao ili isizame mchangani, na katikati nimetundika mfuko wa mchanga. Vibao njoo navyo kutoka nyumbani. Usiokote jiwe la gofu kuwa kigingi. Kibali kinachukuliwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na unavuka na mwongozaji. Mwambie mapema kwamba una stendi na kwamba utakaa pahali pamoja muda mrefu.

Leo nimepiga seti mbili za fremu 21, ukuta ukiwa unapigwa na jua la asubuhi: moja kwa kuachanisha sekunde 2, nyingine kwa kuachanisha dakika 1.

7 Julai. Seti ya haraka imeshindwa

Fremu 21 kwa sekunde 2 zinamalizika ndani ya sekunde 40. Faida yake ilitakiwa kuwa kubwa: jua halijasogea, wingu halijaingia, stendi haijapata nafasi ya kuzama. Matokeo yake ni kwamba kundi lote la watalii limebaki pale pale. Waliokuwa wakitembea wamefutika bila alama, lakini waliosimama wamebaki kamili, na kofia zao.

Jambo la ajabu ni namna walivyobaki. Mtu aliyetulia anatoka mkali kuliko hata katika fremu moja, kwa sababu mediani imepunguza pia chembe za kelele. Mtu aliyekuwa akiyumba, akihamisha uzito mguu hadi mguu, ana kiwiliwili imara na mikono iliyokatika. Hapo ndipo unapojua kwamba tatizo ni muda na si idadi. Ukipiga fremu 200 ndani ya sekunde 40 utapata kundi lile lile. Kinachotakiwa ni kila mtu awe ameondoka pahali pake kabla nusu ya fremu hazijapigwa, na kundi linaloelezwa historia huwa linakaa mlangoni dakika sita, saba.

8 Julai. Seti ya dakika moja moja

Faili ghafi nimezisafisha kwenye darktable kwa mpangilio mmoja ulionakiliwa kwa zote, kila marekebisho ya kujiendesha yakiwa yamezimwa, kisha nikatoa TIFF za biti 16. Halafu nikazipanganisha kwa kifaa kinachokuja na Hugin:

```
align_image_stack -a kaa_ -C f*.tif
```

Usiruke hatua hii hata kama stendi ilikuwa imara. Mguu ukizama kidogo tu, picha inasogea pikseli mbili, na mediani inalainisha uso wa matumbawe kama uliopakwa chokaa. Ili kujua, kuza picha hadi asilimia 100 na utazame ukingo wa jiwe lenye tundutundu. Kama matundu yamefifia kuliko katika fremu moja, upangaji haujakaa.

Mediani yenyewe naifanya kwa Python. Picha ya megapikseli 24 yenye rangi tatu za biti 16 ni megabaiti 144, na 21 ni karibu gigabaiti 3. Kompyuta yangu ina gigabaiti 8, kwa hiyo nazishika zote lakini nakokotoa kwa vipande vya mistari 200, vinginevyo nakala za kati zinaijaza na inaganda.

```python
import glob, cv2, numpy as np
faili = sorted(glob.glob("kaa_*.tif"))
picha = [cv2.imread(f, cv2.IMREAD_UNCHANGED)[:, :, :3] for f in faili]
toka = np.empty_like(picha[0])
for y in range(0, toka.shape[0], 200):
    kipande = np.stack([p[y:y+200] for p in picha])
    toka[y:y+200] = np.median(kipande, axis=0)
cv2.imwrite("mediani.tif", toka)
```

Ukuta umetoka mtupu. Nimefurahi sana kuuona: safu nzima ya mawe, kuanzia msingi hadi chini ya kuba, bila mtu hata mmoja, na hakuna pahali nilipopaka kitu. Lakini mlango mmoja wa tao, ule ulio karibu na njia ya kuingilia, umejaa ukungu wenye rangi za nguo. Huo ndio unaonishughulisha sasa.

10 Julai. Kwa nini mlango umekataa na ukuta umekubali

Nilidhani jibu ni kwamba mlangoni watu walikuwa wengi zaidi. Ni kweli, lakini si jibu lote, kwa sababu kuna sehemu ya ukuta, hatua chache kutoka hapo, ambayo nayo ilizibwa na watu zaidi ya nusu ya fremu na bado imetoka safi. Nimekaa na namba mpaka nikaelewa.

Chukua pikseli moja ya ule ukuta. Jiwe lililopigwa na jua lina mwangaza wa kama 170 kwa kipimo cha 0 hadi 255. Katika fremu 21, watu waliliziba mara 12. Kati ya hizo, mara 7 walikuwa weusi kuliko jiwe, yaani suruali, nywele, mabegi, na mara 5 walikuwa weupe zaidi, yaani mashati na kofia. Zipange: 7 za giza, kisha 9 za jiwe, kisha 5 za weupe. Thamani ya 11 inaangukia kwenye jiwe la nne kati ya yale tisa. Watu wa giza na watu wa weupe wamevutana pande mbili na kuliacha jiwe katikati. Ile kanuni inayosemwa sana, kwamba lazima mandhari ionekane katika zaidi ya nusu ya fremu, ni kanuni ya usalama. Jiwe lenye mwangaza wa kati linaweza kuokoka hata chini ya nusu.

Sasa nenda mlangoni. Ndani ya tao ni giza, kwa sababu nyongeza ile bado ina paa la kuba. Hizi ndizo thamani za pikseli moja katikati ya tao, nilizozisoma mwenyewe na kuzipanga:

```
28 29 29 30 30 31 31 32 | 47 55 61 64 78 90 96 112 118 131 150 177 198
```

Nane za kwanza ni giza la ndani. Kumi na tatu zilizobaki ni watu, na wote wako upande mmoja, maana mbele ya giza hata shati la kahawia linang'aa. Hakuna wa kuvuta upande wa pili. Thamani ya 11 ni 61, na hiyo ni nguo ya mtu.

Kuna hasara nyingine ambayo ni rahisi kuipita bila kuiona. Juu kidogo ya hapo, penye vichwa vya watu warefu, giza lilionekana katika fremu 12 na watu katika 9. Giza limeshinda kwa wingi, kwa hiyo mediani ni giza. Lakini ni lipi? Thamani ya 11 kati ya 21 ni ya 11 kati ya zile 12 za giza, yaani karibu ya juu kabisa, 32 badala ya 30. Kwenye skrini huoni kitu. Ukiinua vivuli ili ndani ya tao paonekane, inatokea hali ya utusitusi mweupe wenye kimo cha mtu. Ukiona ukungu hafifu wa kimo cha mtu kwenye pahali penye giza, usilaumu lenzi. Ni msukumo wa upande mmoja.

Dawa inatokana na sababu yenyewe. Kama uchafu wote uko juu, usichukue ya katikati, chukua ya chini zaidi. Kwa thamani nane za giza kati ya 21, katikati ya giza ni kama ya nne kutoka chini:

```python
mlango = np.sort(kipande, axis=0)[3]
```

Hapo unapata 30, giza lenyewe. Sichukui ya kwanza kabisa kwa sababu nywele za mtu au buibui vinaweza kuwa vyeusi kuliko giza la ndani, na nafasi ya nne inastahimili fremu tatu za namna hiyo. Picha hii ya pili naitumia ndani ya tao peke yake, kwa maski niliyoichora kufuata ukingo wa mawe. Ukiitumia picha nzima, ukuta wote unachukua suruali na mabegi.

Ukungu wa ndani ya tao umeondoka. Kilichobaki ni kizingiti. Pale chini palikuwa na viatu karibu katika kila fremu. Nimezipitia moja moja: mawe ya kizingiti yanaonekana wazi katika fremu 2 tu. Kizingiti kinapigwa na jua na viatu ni vya giza, kwa hiyo ukitaka kukipata unachukua ya pili kutoka juu, na soksi nyeupe katika fremu mbili tu zinatosha kuharibu. Hakuna hesabu ya kuaminika kwenye fremu mbili. Lazima nirudi.

11 Julai. Ramani ya mashaka

Kabla ya kurudi nimetengeneza kitu cha kunionyesha pahali pabaya bila kutegemea jicho. Kwa kila pikseli, hesabu ni fremu ngapi zimekaribiana na mediani, kisha weka nyekundu pale ambapo hazifiki nusu.

```python
med = np.median(kipande, axis=0)
karibu = (abs(kipande - med) < 0.03 * 65535).all(axis=-1)
mashaka = karibu.mean(axis=0) < 0.5
```

Hiyo asilimia 3 ni kikomo changu cha kukaribiana kwa mwanga ule. Ukiishusha sana, kelele za kawaida nazo zinageuka nyekundu. Ramani ilinipa sehemu tatu: mlango, kilele cha mnazi upande wa kushoto, na majani yaliyoota juu ya ukuta. Pia ilipaka nyekundu ile sehemu ya ukuta ya watu 12 iliyotoka salama, na hilo ni sawa, kwa kuwa ramani inasema "kagua hapa", haisemi "hapa pameharibika".

13 Julai. Mwongozaji ametatua nusu ya kazi

Nimevuka tena, na kabla sijafungua stendi nilimwonyesha mwongozaji ile picha yenye ukungu mlangoni. Aliitazama kidogo akasema, "Dada, hapo hawatoki ng'o. Mimi mwenyewe ndipo ninapowaanzishia habari ya msikiti, na pana kivuli."

Nikamuuliza kama habari hiyo inaweza kuanzia pengine.

"Leo nitaianzia pale kwenye mbuyu. Kivuli kipo, na msikiti wanauona wote. Wakiingia humu waingie wakitembea."

Hakuna fomula iliyonisaidia kuliko maneno hayo. Watu walipita mlangoni badala ya kusimama. Katika fremu nilizozipata leo, hakuna nukta ya mlango wala kizingiti iliyozibwa katika zaidi ya fremu 5. Kwa hiyo ushauri wangu kwa atakayeiga: kabla ya kuongeza fremu, jua watu wanasimama wapi na kwa sababu gani, kisha zungumza na anayewasimamisha.

Kulikuwa na babu mmoja wa kisiwani ameketi kwenye kigoda chake mwisho wa ukuta, upande wa kulia, akisuka kamba. Nilimwamkia, "Shikamoo babu," akaitika, "Marahaba mjukuu wangu," nikamweleza ninachofanya. Sikumwomba ahame. Hapo ni kwao, na picha ya kuondoa watalii haina haki ya kumwinua mwenyeji. Ila kama nusu saa baadaye kivuli kilimkimbia akahamia mwenyewe upande wa pili, nami nilikuwa bado napiga.

14 Julai. Mawingu, jua na kile kipande cha babu

Julai kusi linaleta vijiwingu vyeupe vinavyopita upesi. Fremu ikipigwa wakati kijiwingu kiko mbele ya jua, haifai kuingia kwenye safu. Nilijaribu kuipandisha mwangaza ilingane na wenzake kwa kupima kipande cha ukuta kisicho na mtu na kuzidisha. Kipande kile kililingana, lakini vivuli ndani ya mashimo ya mawe vikawa vyeupe mno, kwa sababu wingu halipunguzi mwanga tu, linaondoa pia makali ya kivuli. Kuzidisha hakurudishi makali hayo. Fremu za aina hii zikiingia, mediani inachota nyingine hapa na nyingine pale, na ukuta unapata mabaka. Kati ya 21 nimetupa 4, zimebaki 17, nazo ni witiri. Ukungu mwembamba wa angani, unaopunguza mwanga kidogo bila kufuta vivuli, ndio unaotibika kwa kuzidisha.

Jua nalo linatembea. Ni nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi 5 kwa dakika 20 za kupiga. Hapa mediani inafanya jambo zuri ambalo sikuwa nimeliona likiandikwa kwa Kiswahili. Ukingo wa kivuli ukisogea upande mmoja tu bila kurudi, mediani haiufifishi. Kila pikseli ilikuwa juani kisha ikaingia kivulini, au kinyume chake, na thamani ya katikati ni ile ya fremu ya katikati kwa wakati. Unapata kivuli kikali cha dakika ya 10. Wastani ungekupa ukingo mpana wa moshi. Lakini hilo ni kweli kwa kivuli cha jiwe, si cha mti. Kivuli cha mnazi ulio mita 10 kutoka ukutani kinasogea kama sentimita 90 kwa nyuzi hizo 5, na majani yake yanacheza njia nzima, yakiacha michirizi iliyokatikakatika. Chagua saa ambayo kivuli cha mti hakijaufikia ukuta. Kwangu ilikuwa kati ya saa mbili na nusu na saa tatu asubuhi.

Babu. Katika zile fremu 17 yumo katika 10 za mwanzo, kwa hiyo mediani imembakiza mzima, na kamba yake mkononi. Mwalimu anahitaji msingi wa ukuta pale alipokaa. Fremu 7 za mwisho hazina babu, na wapita njia wachache waliokatiza hapo hawafiki nusu ya 7. Nimefanya mediani ya pili kwa fremu hizo 7 peke yake na kuchukua kile kipande tu. Hofu yangu ilikuwa kwamba vivuli havitalingana kwenye mshono, maana wakati wa kati wa kipande hiki umechelewa kwa dakika 7 hivi kuliko wa picha nzima. Dakika 7 ni nyuzi 1.75. Jiwe lililochomoza sentimita 20 kivuli chake kinatofautiana kwa milimita 6. Kutoka nilipoweka kamera milimita 6 haionekani, ila kwa tahadhari mshono nimeupitisha ndani ya ufa wa ukuta, si katikati ya jiwe. Picha yenye babu nimeihifadhi pia, na nitampelekea nakala yake.

16 Julai. Majani

Mnazi na majani ya juu ya ukuta vimetoka kama pamba iliyolowa: kila jani limehama, na katikati ya jani na anga pamepatikana rangi isiyo ya jani wala ya anga. Hapa mediani haina faida yoyote. Nimechukua fremu moja, yenye majani yaliyotulia zaidi na isiyo na mtu upande ule, nikaiweka juu kwenye GIMP kwa maski. Ukingo wa maski uwe ndani ya anga tupu, mbali kidogo na ncha za majani. Ukiupitisha kwenye jani lenyewe, nusu yake itakuwa kali na nusu itafifia. Mawingu ya angani nayo nimeyatoa kwenye fremu hiyo hiyo, la sivyo anga linakuwa shuka la kijivu lisilo na umbo.

Sharti halijavunjwa: majani hayo yalionwa na kamera, kwa wakati mmoja.

20 Julai. Ukaguzi na gharama

Nimechapisha kipande cha mlango kwa ukubwa kamili na kukilinganisha na fremu mbichi, jiwe kwa jiwe. Kizingiti kipo chote. Ndani ya tao hakuna ukungu, na ile njia ya thamani ya nne kutoka chini sikuihitaji tena, kwa sababu mlango wa tarehe 13 ulikuwa na nafasi ya kutosha kwa mediani ya kawaida. Naiacha humu kwa atakayekutana na mlango wa giza usioweza kuachwa wazi na mtu.

Programu zote, darktable, Hugin, Python na GIMP, ni za bure. Mfuko wa mchanga nilishonewa na fundi kwa shilingi 4,000. Gharama kubwa ni boti na kibali, na zote mbili zilirudiwa kwa sababu ya kizingiti. Anayeanza leo azungumze na mwongozaji siku ya kwanza, ataokoa safari nzima. Boti ya kuchangia inapunguza sana, ila inaondoka abiria wakitosha, na unaweza kuikosa ile nusu saa ya jua.

Nimemkabidhi mwalimu faili mbili, picha iliyounganishwa na fremu moja yenye watu wote, pamoja na maelezo ya kuandikwa chini ya picha: "Imeunganishwa kutoka fremu 17 zilizopigwa ndani ya dakika 20, Julai 2024. Mti na anga ni vya fremu moja. Sehemu ya chini kulia imetokana na fremu 7." Ameomba fremu yenye watu nayo ibandikwe, kando ya ile kubwa, ili wanafunzi wapate kipimo cha kimo cha mlango.

Kinachofuata ni Gereza, ile ngome ya ufukweni. Lango lake ni la mbao zilizochongwa, na kila anayefika husimama hapo kupigwa picha. Nimeshamuuliza mwongozaji anawaanzishia wapi habari ya ngome.